UZI: Kulwa kaleta divisheni wani, Doto kaleta C na D, lakini maksi kubwa ni za Doto

Mama Kulwa (Tabata)

Wapendwa, habari za jioni. Kwa kawaida humu huwa nasoma tu na kupita, leo nina jambo la kwangu. Ni refu, naomba mnivumilie.

Nina mabinti mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka 16. Walipofika darasa la tano wifi yangu, shangazi yao anayekaa Mbezi, alimwomba Doto akakae kwake kwa sababu hakujaliwa mtoto. Akampeleka shule ya Kiingereza na ada analipa yeye. Kulwa akabaki na sisi, akafaulu la saba, akaingia sekondari ya serikali hapa hapa karibu. Sasa Kulwa kamaliza kidato cha tatu. Doto yuko shule inayofuata mitaala ya Cambridge, wenyewe wanaita mwaka wa kumi. Likizo ya Desemba huwa wanakuwa wote nyumbani, na ndiyo raha yangu ya mwaka.

Ripoti zote mbili zilifika wiki moja. Baba yao alikuwa ameahidi simu kwa atakayefanya vizuri zaidi. Ijumaa jioni baada ya kula akavaa miwani, akaziweka mezani. Ya Kulwa: Uraia 68 B, Historia 71 B, Jiografia 57 C, Kiswahili 78 A, Kiingereza 66 B, Hisabati 46 C, Biolojia 63 C, Kemia 48 C, Fizikia 41 D. Chini imeandikwa Daraja la I, pointi 16, nafasi ya 9 kati ya 164. Mzee alisimama akapiga makofi.

Ya Doto: Kiingereza 74 B, Hisabati 67 C, Biolojia 72 B, Kemia 64 C, Fizikia 58 D, Jiografia 66 C, Historia 69 C, Kiswahili 76 B. Hakuna A hata moja, hakuna divisheni, nafasi ya 17 kati ya 24. Baba yao alimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka sasa tumbo linaniuma. Kwamba mwenzio anasoma bure ana divisheni wani, wewe unalipiwa mamilioni na shangazi yako unaleta D. Doto hakujibu. Alikusanya vyombo, akaenda kuosha. Ripoti ya Kulwa ikatundikwa sebuleni, kwenye msumari wa kalenda.

Usiku kama saa tano niliamka kunywa maji, nikaona mwanga wa tochi ya simu yangu chumbani kwao. Wameketi mkekani, ripoti zote mbili zimetandazwa, Kulwa alikuwa ameishusha ya kwake ukutani. Doto ameigeuza ya kwake upande wa nyuma, kuna jedwali la gredi. Kwao A nyota ni 90 kwenda juu, A ni 80, B ni 70, C ni 60, D ni 50, E ni 40. Kwa Kulwa A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Doto alikuwa na penseli, anaandika pembeni ya kila somo la Kulwa herufi ambayo angeipata shuleni kwao. Historia ikabaki B. Kiswahili A ikawa B. Jiografia C ikawa D. Alipofika Hisabati, 46, penseli ikasimama. Kulwa akamwambia andika. Akaandika E. Kemia E. Fizikia E.

Kulwa alilia, jamani. Na Doto akalia kwa sababu amemliza mwenzake, wala hakulia pale alipogombezwa yeye. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe, sikujua niseme nini. Naomba mwenye kuelewa mambo haya anisaidie. Nani kafanya vizuri? Na baba yao nimwambie nini asikie?

Kijana wa Kinyerezi

Mama, pole, lakini hii ni hesabu ya dakika tano. Chukua maksi za Doto uzipitishe kwenye kipimo cha NECTA. Kiswahili 76 ni A, pointi 1. Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Jiografia na Historia zote zinaingia B, pointi 2 kila moja, hiyo ni 10. Kemia na Fizikia ni C, pointi 3 kila moja. Divisheni inahesabu masomo saba bora, kwa hiyo unaacha C moja. Jumla 14. Divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, kwa hiyo Doto naye ana wani, tena nzuri kuliko ya Kulwa ya 16.

Wastani ndiyo usiseme. Doto 68.25, Kulwa 59.8. Cambridge wao ni wakali, A yao duniani kote ni 80. Simu apewe Doto na mzee amwombe radhi mtoto.

Mzee wa Kigamboni

Mama Kulwa, mimi nakushauri usimhamishe huyo Kulwa. Nilimhamisha wa kwangu kidato cha tatu kwenda shule za kulipia, akakuta masomo yamempita, akarudia mwaka na hela ikaenda. Mwaka mmoja umebaki, mwache amalizie alipo.

Mama Kulwa (Tabata)

Asante mzee wangu, lakini sina mpango wa kumhamisha. Shida yangu ni hizi ripoti mbili na maneno yaliyosemwa juu yake.

Kijana, hiyo hesabu yako Doto aliimaliza usiku ule ule, na alipata 14 kama wewe. Haikuwasaidia. Kulwa sasa anasema divisheni yake ni ya uongo. Jumamosi amekataa kwenda tuisheni.

Mwalimu Mstaafu (Temeke)

Mama Kulwa, shikamoo kwa malezi. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 31, na ripoti za namna hii nimeziandika nyingi kwa mkono wangu. Naomba niende polepole.

Kwanza mwambie Kulwa kwamba divisheni yake si ya uongo. Amepimwa kwa kipimo ambacho mwakani Novemba atapimwa nacho kweli. Ila aelewe kipimo hicho kinavyofanya kazi, maana kina mambo mawili yanayoficha. La kwanza ni upana wa C. Inaanzia 45 mpaka 64, alama ishirini nzima. Hisabati yake ya 46 na Biolojia yake ya 63 zimevaa shati moja, zote C, zote pointi 3. Biolojia ya 63 inakaribia mlango wa B. Hisabati ya 46 ikiteleza alama mbili tu inakuwa D. Kwenye ripoti huoni tofauti hiyo ukisoma herufi peke yake.

La pili ni hayo masomo saba bora. Kulwa ana masomo tisa. Kwenye pointi 16 Fizikia yake ya 41 haimo kabisa, imeachwa nje. C nne anazo, zimehesabiwa tatu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na wani ya 16 huku wastani wake haujafika 60. Hajapewa zawadi wala hajadanganya. Divisheni imetengenezwa kuuliza masomo yako saba yenye nguvu yana nguvu kiasi gani. Ripoti ya Doto haiulizi swali hilo. Yenyewe inatoa kila somo na herufi yake, na udhaifu wa Fizikia unabaki mezani kila mtu auone.

Kijana wa Kinyerezi, pointi umezihesabu sawa, ila hilo la 80 umekosea. Mpaka wa A wa Cambridge haukai sehemu moja. Kila msimu wa mtihani wanaweka mipaka upya kwa kila karatasi kulingana na ugumu wake, ndiyo maana huwezi kuijua kabla ya mtihani kusahihishwa. Jedwali la 90, 80, 70 lililo nyuma ya ripoti ya Doto ni la shule yenyewe. Shule ya jirani inayofundisha mitaala ile ile inaweza kuwa na lingine.

Mhitimu wa 2014

Naomba niseme yangu maana imenigusa. Mimi nilimaliza kidato cha nne 2014, ule mwaka wa GPA badala ya divisheni. Gredi zilikuwa na B+ na E humo humo. Shuleni kwetu 52 ya Kemia ilikuwa B. Mdogo wangu alimaliza 2016, divisheni zikawa zimerudi, 52 yake ya Kemia shule ile ile, mwalimu yule yule, ikawa C. Mama alimchapa kwa kushuka. Hajashuka hata alama moja!

Mpaka leo nikipeleka cheti sehemu naulizwa una divisheni ngapi, naanza kueleza upya. Niliwahi kurudishiwa fomu ya kazi kwa sababu sehemu ya divisheni niliiacha wazi.

Kijana wa Kinyerezi

Mwalimu nimekubali la mipaka. Lakini maksi ni maksi. 67 ya hisabati ni kubwa kuliko 46, uikate unavyotaka. Herufi tuziache, tutazame namba, Doto yuko juu kwa alama 21.

Mwalimu Mstaafu (Temeke)

Alama si kilo, kijana wangu. Ukiniambia gunia lina kilo 67 na lingine 46 nitakubali bila kuuliza, maana mizani ni moja. Hapa mizani ni mbili. Sitini na saba ya nini? Ya mtihani mgumu au mwepesi, wa mada za mwaka mzima au za muhula mmoja, pamoja na kazi za nyumbani au bila?

Mama Kulwa, naomba uichukue ripoti ya Doto usome maandishi madogo kabisa ya chini. Uniambie alama ya somo imetengenezwa na nini.

Mama Kulwa (Tabata)

Mwalimu nimesoma kwa tochi na miwani ya mzee. Imeandikwa kwamba alama ya muhula ni mtihani asilimia 60 na kazi za darasani na za nyumbani asilimia 40. Nimemwita Doto anitafutie karatasi yake ya mtihani wa hisabati. Mtihani alipata 55 kwa mia, ambayo ukiipunguza inakuwa 33 kwenye 60. Kazi za darasani alipata 34 kwenye 40. Ndiyo 67 ikapatikana.

Ya Kulwa ni mtihani mtupu, wa mwisho wa mwaka. Nimemuuliza, amesema madaftari yanasahihishwa ila hayaingii kwenye ripoti.

Mwalimu Mstaafu (Temeke)

Basi umeona. Mtihani kwa mtihani ni 55 na 46. Zile alama 21 za kijana wetu zimebaki 9. Na 9 hizo bado hatujui ni za nini, kwa sababu mitihani yenyewe haifanani.

Simwondolei Doto haki yake hapa. 34 kwenye 40 ya kazi za darasani maana yake anafanya kazi mwaka mzima bila kusukumwa, na huyo ndiye mtoto baba yake alimwambia analeta D.

Pacha wa Ubungo

Mama, mimi ni pacha, tulisoma shule tofauti kuanzia la kwanza mpaka chuo. Naomba niseme kuhusu nafasi maana hakuna aliyeigusa. Wa 9 kati ya 164 na wa 17 kati ya 24. Kwetu sisi hiyo ndiyo iliyotuumiza kuliko gredi. Darasa la ndugu yangu lilikuwa la watoto waliochujwa kwa mtihani wa kuingilia, wote walikuwa vichwa. Akawa wa 20 kila mwaka, akajiona mjinga. Mimi nilikuwa wa 3 kwenye darasa la watu wengi na nikajiona mjanja. Tulipokutana chuo mwaka wa kwanza alinipita kila somo.

Namwomba Doto asikae na hiyo 17 moyoni. Inasema amekaa na nani chumba kimoja, haisemi zaidi ya hapo.

Mzee wa Kigamboni

Samahani Mama Kulwa, kumbe nilisoma haraka. Ila swali langu: huyo wa Cambridge akitaka kuingia kidato cha tano cha serikali inakuwaje? Maana mwisho wa siku watakutana mlango mmoja.

Mwalimu Mstaafu (Temeke)

Swali zuri, mzee. Matokeo yake ya IGCSE yatapelekwa NECTA wayalinganishe, wampe ulinganifu unaotambulika hapa. Lakini yanayolinganishwa ni matokeo ya mtihani wa mwisho wa Cambridge. Hii ripoti ya shule haihusiki, na C hizi za Desemba hakuna mlango zitakaoufungua wala kuufunga.

Kuna jambo moja la kumuuliza Doto, na ni zito kuliko gredi zote tulizozijadili. Hisabati yake, ile yenye namba 0580, inafanywa kwa ngazi mbili. Wanaofanya karatasi ya 1 na ya 3 wako ngazi ya msingi, na hata wapate alama zote gredi yao ya juu kabisa ni C. Wanaofanya karatasi ya 2 na ya 4 wako ngazi ya juu, wanaweza kufika A nyota. Ripoti nyingi za shule haziandiki mtoto yuko ngazi gani. Kwa hiyo C ya mtoto wa ngazi ya msingi ni dari, na C ya mtoto wa ngazi ya juu ni ngazi ya katikati. Ni herufi ile ile.

Halafu nina pendekezo. Wote wawili wako nyumbani na karatasi za mtihani wanazo. Wabadilishane. Kila mmoja achague maswali matano ya hisabati kutoka kwenye karatasi yake, yenye jumla ya alama 30, ampe mwenzake. Saa moja kamili. Doto aweke kikokotoo pembeni atumie majedwali ya Kulwa, maana kwenye mtihani wa hisabati wa NECTA wa kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi. Kulwa atumie kikokotoo cha Doto. Kila mmoja asahihishe karatasi ya mwenzake kama alivyosahihishiwa na mwalimu wake, atoe na alama za njia, asiangalie jibu la mwisho peke yake. Na mzee asiwepo siku hiyo.

Mama Kulwa (Tabata)

Wapendwa, nimerudi baada ya siku nne. Doto yuko ngazi ya juu, karatasi ya 2 na ya 4. Hata yeye hakujua kwamba kuna wenzake darasani ambao C ndiyo mwisho wao.

Karatasi walibadilishana Jumanne, baba yao akiwa kazini. Nimekaa nao mwanzo mpaka mwisho, nasonga ugali huku nachungulia.

Maswali ya Kulwa yalitoka kwenye sehemu A ya karatasi yao, ile yenye maswali kumi ya alama sita sita. Doto alianza haraka, akamaliza matatu, akafika swali la miji miwili. Mji mmoja uko nyuzi 3 kusini, mwingine nyuzi 6 kaskazini, wote kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 36 mashariki. Tafuta umbali kati yao kwa kilomita, nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,400. Akasema, hiki sisi hatujafundishwa na sijakiona hata kwenye kitabu. Akajaribu hivyo hivyo. Akatoa 3 kwenye 6, akapata nyuzi 3, akaendelea mpaka akapata kama kilomita 335.

Kulwa alipofika hapo katika kusahihisha hakuweka mkasi. Alikwenda jikoni akachukua chungwa. Akalizungushia kisu katikati bila kulikata, akakwaruza ganda tu, akasema hii ndiyo ikweta. Akakwaruza mstari mwingine kutoka juu kwenda chini, akasema huu ndio mstari wa 36. Mji huu uko chini ya ikweta hapa, na huu uko juu hapa. Ukitoka wa chini kwenda wa juu unapita ikweta. Utatoa au utajumlisha? Doto akaangalia lile chungwa, akasema, tisa! Halafu akasema neno ambalo Kulwa alilicheka sana: kumbe ni tao tu. Kumbe hesabu ya urefu wa tao anaijua vizuri, ameifanya mara nyingi kwenye duara. Alichokuwa hajui ni kwamba dunia nayo inahesabiwa hivyo. Akaandika 9 juu ya 360, mara 2, mara 3.14, mara 6,400. Kilomita 1,004.8. Kulwa akampa alama 2 kati ya 6 kwa ile kazi ya kwanza, kwa sababu njia ilikuwa sahihi ila pembe imekosewa. Amesema mwalimu wao ndivyo anavyotoa.

Doto alipata 16 kwenye 30. Kulwa mwenyewe kwenye mtihani, maswali yale yale matano, alikuwa na 15.

Upande wa pili, Kulwa alikutana na swali la kutafuta mteremko wa mstari uliopinda. Aliliacha tupu. Kwao hakuna mada hiyo kidato cha kwanza mpaka cha nne. Lakini kulikuwa na swali la kiatu kilichouzwa 61,200 baada ya kupunguzwa asilimia 15, bei ya mwanzo ilikuwa ngapi. Doto kwenye mtihani alichukua asilimia 15 ya 61,200 akaijumlisha, akakosa. Kulwa alisema ile hela iliyobaki ni asilimia 85, akagawa kwa mkono, kikokotoo hakukigusa kwa sababu vitufe vyake havijui, akapata 72,000. Muda ukamwishia akiwa bado swali moja. Alipata 13 kwenye 30. Doto kwenye mtihani alikuwa na 19.

Kijana wa Kinyerezi

Mwalimu, sasa tunasemaje? Kwenye karatasi ya Kulwa wanakaribiana, 16 na 15. Kwenye ya Doto, Doto kamwacha, 19 na 13. Nikijumlisha Doto ana 35, Kulwa 28. Bado Doto.

Mwalimu Mstaafu (Temeke)

Kwa hisabati naona Doto yuko mbele kidogo, sitakificha hicho. Ila angalia 13 ya Kulwa: swali moja halimo kwenye mitaala yake na lingine hakulifikia. Na 19 ya Doto alipata shuleni baada ya kusoma kwa ajili ya mtihani huo, kama vile 15 ya Kulwa. Maswali kumi hayatoshi kusema nani ana akili. Yametosha kusema nani hajui nini, na mimi nikiwa mwalimu wao hicho ndicho ningekitaka. Kulwa apewe mazoezi ya kwenda na saa. Doto arudie asilimia za kurudi nyuma, maana zitamrudia.

Fizikia na Kemia sijui. Huko kuna maabara, na shule hizi mbili huenda hazilingani vifaa hata kidogo. Kwa karatasi za mezani hatutaweza kuzipima.

Pacha wa Ubungo

Na simu je?

Mama Kulwa (Tabata)

Simu haijanunuliwa. Sijui itakuwaje.

Ila jana usiku niliona jambo. Ripoti ya Kulwa imerudi kwenye msumari wa kalenda, na ya Doto imetundikwa juu yake, msumari ule ule. Kila moja ina herufi mbili mbili, moja ya kuchapwa na moja ya penseli. Baba yao alirudi, akavua viatu, akaziona. Akazishusha zote, akavaa miwani, akazisoma akiwa amesimama. Alisoma mpaka chini kabisa kwenye yale maandishi madogo, nilikuwa namtazama. Kisha akaita.

"Doto, hii E ya Fizikia hapa kwa Kulwa ni ya nani?"

"Ni ya shuleni kwetu, baba. Kwao hiyo ni D."

"Na hii C kwenye ya kwako, ya penseli?"

"Hiyo ni ile D uliyoisema. Kwa kina Kulwa ni C."

Akavuta kiti. Akasema, njooni wote wawili, leteni na penseli, mnionyeshe moja moja kuanzia juu.